Ruhusa Tano za Nzilani

Fomu yetu ya uhamisho ina sehemu mbili. Ya kwanza inauliza mfanyakazi apewe nini kwenye mfumo wa kompyuta huko anakokwenda. Ya pili inauliza aondolewe nini huko anakotoka, na tarehe gani. Mimi ndiye afisa wa kompyuta wa hospitali hii ya Mbooni, na sehemu ya kwanza huwa naijaza siku hiyohiyo, maana nisipoijaza nitapigiwa simu hadi sikio liume. Ya pili haina mpiga simu. Hakuna mtu aliyewahi kuja mlangoni kwangu kulalamika kwamba bado anaweza kufungua kitu asichokihitaji.

Ndiyo maana Nzilani alikuwa na ruhusa tano.

Ni karani, ana miaka ishirini na moja hapa. Alianzia mapokezi, akaenda rekodi, akaenda wodi ya kina mama, akawa msimamizi wa stoo ya dawa, na mwaka jana akapelekwa ofisi ya manunuzi. Kila akihama tunamfanyia chai ya kumsindikiza, yenye chapati, hotuba na maombi marefu, na lazima mtu aseme, "Usitusahau." Yeye hasahau. Mapokezi wakikwama, wanampigia Nzilani. Cheti cha mtoto kikikosewa, Nzilani. Anajibu akiwa na kikombe mkononi, anabonyeza, mambo yanakwisha. Nampenda sana huyu mama. Nilipokuja hapa sijui mtu, ni yeye aliyenitafutia nyumba, akaniletea na godoro.

Kwa hiyo siku ya chai yake ya kutoka stoo aliponiambia, "Musyimi, niachie ile ya dawa wiki mbili nimkabidhi Ndunge stoo vizuri," ningesemaje? Sehemu ya pili nikaiacha wazi. Wiki mbili zikawa miezi kumi na minne, na mimi hata sikukumbuka.

Jumatatu moja Fahim, mkaguzi wetu wa ndani, mtu wa Mwingi asiyejua kuinua sauti, aliingia ofisini kwangu na karatasi moja. Chupa kumi na mbili za insulini zilikuwa zimeondolewa stoo kama dawa zilizoharibika. Hapo hakuna ajabu: kwenye mfumo wetu mtu mmoja anaandika hasara, na msimamizi wa stoo anaidhinisha. Kilonzo wa famasi ndiye aliyeandika. Aliyeidhinisha ni Nzilani. Na saa moja baadaye, oda ya chupa kumi na mbili mpya ilitoka manunuzi, imeandikwa na Nzilani.

"Mtu mmoja amekubali dawa zimeharibika, halafu huyohuyo ameagiza zingine," Fahim alisema. "Musyimi, huyu mama yuko stoo ama yuko manunuzi?"

"Yuko manunuzi."

"Basi alifungua stoo na ufunguo wa nani?"

Nilijua ufunguo ni wa nani.

Daktari Kasiva, mkuu wa hospitali, aliitisha kikao Alhamisi. Nzilani akapewa barua ya kusimamishwa kazi hadi siku hiyo. Alikuwa amebakisha miaka mitatu astaafu, na sasa alikuwa anatoka getini akiwa amebeba mkoba kifuani na mlinzi akiangalia pembeni kwa aibu. Nilimfuata hadi barabarani.

"Auntie, ilikuwaje?"

"Umeme si ulipotea weekend yote? Friji ya dawa ikakufa, insulini ikaharibika. Kilonzo akanipigia, Ndunge ameenda matanga Kanyangi, haingii kwa system. Akaniambia, mama nisaidie ku-approve, wagonjwa wa sukari wako kwa line. Nika-approve. Nikaagiza zingine haraka. Kuna ubaya gani?"

"Uliziona hizo chupa?"

"Mimi niko manunuzi, Musyimi. Ningezionea wapi?"

Hapo ndipo nilipojikasirikia hadi nikataka kupiga teke jiwe. Hakuwa ameiba chochote, ningeapa kwa hilo. Lakini kuidhinisha ni kusema nimeona, na yeye hakuona, na mfumo ulimruhusu kwa sababu mimi nilimwachia. Kama chupa zile zilikuwa zimebebwa na mtu mwingine, jina lililokuwa kwenye karatasi ni lake.

Jumatano nilikaa mbele ya kompyuta na wazo baya. Ningeweza kumwondolea ile ruhusa kimyakimya, kisha niseme sijui alipitaje. Ningekuwa nimejiokoa na kumzika yeye. Isitoshe, mfumo huandika kila badiliko na jina la aliyelifanya, saa na dakika. Nilichapisha orodha ya ruhusa zake jinsi ilivyo, nikatafuta fomu ya uhamisho kwenye faili, nikazitia bahasha moja.

Kikaoni Kilonzo alisema ukweli bila kuvutwa. Ndiyo, alipiga simu. Ndiyo, kila mtu hupiga. Akasema chupa bado ziko kwenye boksi la njano la dawa za kuchomwa. Fahim akaenda naye kuhesabu. Walirudi: kumi na mbili, zote zimejaa, namba zake ni zilezile za kwenye kitabu.

"Hizo dawa zingechomwa lini?" Daktari Kasiva aliuliza.

"Kesho," Kilonzo alisema.

Daktari akanigeukia. "Na zingekuwa zimechomwa, Musyimi, ungeweza kunionyesha kwamba huyu mama hakuzichukua?"

"Hapana, daktari. Na ni mimi nilifanya isiwezekane." Nikampa fomu, sehemu ya pili nyeupe, sahihi yangu chini. Nikaeleza yote, hata zile wiki mbili.

Nzilani akarudishwa kazini siku hiyo. Mimi nikapewa barua ya onyo, na ilinistahili. Daktari akaagiza kwamba kuanzia sasa ruhusa mpya haiwashwi kabla ya ya zamani kupewa tarehe ya kuzimwa, na tarehe ikifika inajizima yenyewe. Ndunge akiwa mbali, atakuwa na naibu anayejulikana, papo hapo stoo, anayeziona chupa kwa macho.

Ijumaa nilimwita Nzilani tuzizime pamoja ruhusa zake za zamani. Niliogopa. Nilijua ataona kama tunamfukuza kwenye nyumba alizozijenga. Alivuta kiti, akavaa miwani.

"Mapokezi," nilisema, nikabonyeza.

"Hapo nilimsajili mama yako alipokuja na ile presha."

"Rekodi."

"Nenda."

"Wodi ya kina mama." Hapo alinishika mkono nisibonyeze kwanza. Akakaa kidogo, akatabasamu peke yake, akaniachia.

Ikabaki stoo ya dawa. Niliizima, nikamsogezea kibodi. "Jaribu kuingia, tuhakikishe."

Aliandika jina lake na neno la siri, akabonyeza stoo. Kompyuta ikajibu kwamba hana ruhusa. Alilisoma lile jibu mara mbili, midomo ikienda. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikamsikia akivuta pumzi hadi mwisho.

"Kwa hivyo kitu kikipotea huko saa hii," alisema, "hakuna mtu anaweza kusema ni mimi."

"Hakuna, Auntie."

Akavua miwani, akaifuta na ncha ya leso, akafuta na macho.

"Sasa Musyimi," akasema, "si ungenipea hii kitambo?"