Kiti cha Ketrina

Tabita alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Kesho ulikuwa mkutano mkuu wa chama cha kahawa cha Igamba, wakulima wanasubiri malipo ya pili, na yeye mhasibu anazunguka meza kama kuku anayetaka kutaga. Hesabu zilionyesha ziada ya milioni ishirini na mbili. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na wa kuusaini ni mwenyekiti Jairo.

Tatizo lilikuwa kesi. Kabla mwaka wa hesabu haujafungwa, lori la chama lilikatika breki pale kijiji cha Ruanda likamgonga Ketrina, muuza ndizi, akakatwa mguu. Anadai milioni thelathini. Jairo alitaka kesi isitajwe kabisa. Tabita akakataa: kunyamaza ni kwa kesi ambayo kushindwa ni kama ndoto. Wakili wa chama aliandika kwamba huenda chama kikashindwa, huenda kisishindwe, basi Tabita akaiweka kwenye maelezo chini ya hesabu. Ziada haikuguswa. Jairo akacheka, yakaisha.

Yakaisha wapi! Saa nne wakili akapiga simu. "Mwenyekiti wenu alikwenda kwa Ketrina Jumapili, akakiri breki zilikuwa mbovu, akataja milioni kumi na nane. Yeye na watu wake wanafikiria. Kushindwa sasa ndiko kunakoelekea, na kiasi ni hichohicho."

Tabita akavuta daftari. Hesabu hazijapitishwa bado, ajali ni ya mwaka uleule, deni linapimika. Maelezo peke yake yangekuwa uongo. Akaandika:

Debiti: Gharama za madai 18,000,000
Krediti: Tengo la kesi ya Ketrina 18,000,000

Kumi na nane zikatengwa kwa ajili ya Ketrina, ziada ikabaki milioni nne.

Jairo aliingia, akasoma akiwa wima. "Ala! Wewe binti, unataka wakulima wanile mzima? Hakuna hukumu!"

"Hukumu haisubiriwi, mwenyekiti. Ulikiri breki, ukataja na kiasi."

"Futa. La sivyo, mkataba wako tafuta wa kuusaini."

Tabita aliogopa, kweli aliogopa. Kodi ya nyumba ilikuwa inamngoja. "Sifuti, baba. Lakini kwa nini ulikwenda?"

Mzee akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nilikwenda kumtisha afute kesi," akasema. "Nikabisha hodi. Akaja akirukaruka kwa mguu mmoja, ananiburutia kiti. Mimi! Kiti! Akaniambia karibu, baba, kaa."

Nje wakulima walishaanza kuulizana malipo ni kiasi gani.

Jairo akachukua kalamu, akasaini hesabu zile za milioni nne. Kisha akavuta droo, akatoa mkataba wa Tabita, akausaini nao.

"Kesho nitasimama mwenyewe kuwaambia," akasema. "Nausaini leo, kabla hawajanitoa uenyekitini."