"Acha tu" ya Nathalie

Feza alirudi Kamina kutoka kilio cha mjomba wake huko Kaniama akiwa na vumbi hata kwenye kope. Siku sita pikipiki na machozi. Mwili ulikuwa umefika nyumbani. Roho bado ilikuwa njiani, inakuja polepole nyuma yake.

Alikuta mihogo yake imekauka vizuri juu ya mkeka. Kabla ya kuondoka aliiloweka ndani ya pipa, ile mihogo michungu ya shamba lake kule Bakwe, akamwambia binti yake Nathalie, mwenye miaka tisa, aiache siku nne ndipo aitoe na kuianika. Feza akaibeba mpaka kwenye mashine ya kusaga, akarudi na unga, akawasha jiko la makala.

Nathalie akaja akasimama karibu na mlango.

"Mama, ile mihogo..."

"Ngoja kwanza," Feza akasema, maana maji yalikuwa yanataka kuchemka.

Mtoto akangoja. Ukisema "ngoja kwanza" unakuwa umechukua neno la mwenzako mkononi, na ni wewe wa kumrudishia. Feza alijua hivyo, kama sisi wote tunavyojua. Lakini simu ikalia, dada yake wa Bukama akitaka habari za kilio, na mtoto alipofungua kinywa mara ya pili mama akainua kidole: kidogo tu. Kidogo kikawa kirefu. Mara ya tatu alikuwa anamfunga mdogo, Émerence, mgongoni, akasema "nakuja" bila kugeuka.

Mwishowe akakumbuka. "Ulikuwa unasema nini?"

Nathalie akameza mate. Akaangalia mfuko wa unga.

"Acha tu, mama."

Feza akashukuru moyoni. Jambo moja limepungua. Akasonga unga ule ukawa bukari, akaipakua, akaifunika, akakaa kwenye kibao kuingoja ipoe. Joto la mchana lilimshika kichwa. Treni ililia mbali, na mlio wake ukaendelea ndani ya masikio yake hata ulipokwisha. Mvuke uliinuka kutoka sahani ukawa kama ukungu wa asubuhi, na ndani ya ukungu ule kulikuwa na sauti ndogo inasema acha tu, acha tu, inazama na kuibuka kama muhogo ndani ya maji.

Hodi ikamwamsha. Ilikuwa jirani yake Béatrice, mke wa askari, akitoka kwenye kambi na majani ya matembele. Wakaongea juu ya kilio. Katikati Béatrice akainua mkono.

"Ngoja, Mama Nathalie. Kuko kintu nilikuwa nataka kukuambia." Akatafuta neno, halikuja, akacheka. "Eh, haina neno. Njo uzee huu, nimesahau." Na hapohapo akaanza habari ya bei ya sabuni, uso mkunjufu.

Feza alikuwa tayari na tonge vidoleni, analipeleka kinywani mwa Émerence, aliyemshusha mgongoni akampakata. Mkono ukasimama hewani. Béatrice ameacha neno lake na limekwenda kweli. Amemwangalia machoni, amecheka, amepita. Lakini Nathalie hakupita. Alisema "acha tu" kwa sauti ya kushuka, na macho yalibaki kwenye unga. Neno lile halikwenda popote. Liko hapa, ndani ya sahani.

Akarudisha tonge. Akaita.

"Nathalie. Ile uliyoniambia niache, siachi. Ni miye njo nilikuambia ungoje. Sasa sema, sitakupiga."

Mtoto akasema akiangalia miguu yake. Siku ya pili bomba lilitoa maji, na wote mtaani walikuwa wanakimbia na ndoo. Hakukuwa na pipa lingine. Akatoa mihogo ingali migumu, imelala usiku mmoja tu, akaikatakata ndogondogo ili ikauke upesi. Baba yake alikuwa kazini, hakuona.

Béatrice akashika kinywa. Usiku mmoja hautoi sumu ya muhogo ule. Feza akachukua bukari na unga wote, akavifukia nyuma ya choo, mbali na kuku. Walikula matembele na ndizi za kuchoma. Mpaka jioni Feza akawa anamnusa Émerence kinywa mara kwa mara.

Tangu siku ile, akimwambia Nathalie "ngoja kwanza", anamnyoshea ncha ya kikwembe chake, nguo ya kiunoni, na mtoto anafunga fundo. Feza halali bila kulifungua na kusikia neno lile. Na mtoto akisema "haina neno" akicheka, mama anacheka naye. Lakini "acha tu" ya chini ile ikitoka, Feza anaondoa sufuria motoni, anakaa kwenye kibao, anasema:

"Haya. Nimefika."