Koti la Ngoga Uwanjani Mbarara

Ngoga alikuwa mtu wa daftari. Kule Kivu Kusini alijua kila ng'ombe wa baba yake kwa jina bila kuandika hata herufi moja, lakini tangu kanisa la Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, limfanye moniteri, yaani kiongozi wa kujitolea wa watoto wa shule ya Jumapili, hakuna mchezo aliouchezesha bila kuuandika kwanza. Nani asimame wapi, filimbi ipulizwe mara ngapi, nani atoke na lini. Mkewe Uwamahoro, moniteri mwenzake, alimcheka taratibu, kisha akamshonea mfuko wa kitambaa wa kutunzia hilo daftari lisilowe na mvua.

Mwaka wa 2012, wake za wanajeshi wa kambi moja ya Mbarara waliokuwa wakisali kanisa rafiki waliwaalika watoto wa Nakivale waje wacheze na watoto wao siku nzima ya Jumamosi. Ngoga hakulala vizuri wiki nzima. Alichagua mchezo wa duara: timu moja ndani ya duara, nyingine nje na mpira, ukilengwa ukapatwa, unatoka. Siku yenyewe akavaa koti lake la kijivu, lile la harusini, akapanda lori pamoja na mkewe na watoto ishirini wanaoimba.

Aliyewapokea uwanjani alikuwa Norah, mke wa sajini, mwanamke mnene wa kicheko cha karibu. Alikuwa na watoto ishirini wa kambini na mpira wa ngozi wa mwanawe.

"Karibu sana, sebo," alimwambia Ngoga, akimwita bwana kwa lugha ya kwao. "Hawa wetu wako na nguvu, utaona."

Ngoga akachora duara kwa chokaa. Ili asipoteze wakati, aliwaweka wa Nakivale ndani na wa kambini nje, kila mtu na wenzake. Akapuliza filimbi.

Dakika tano za mwanzo zilikuwa tamu. Kisha walioguswa wakaanza kurundikana kwenye ukuta wa uwanja, wanne, wanane, kumi na wawili, hawana la kufanya ila kungoja. Wakachuma majani. Wakaokota vijiwe. Kule nje ya duara, mpira ulikuwa umeshikwa na msichana mmoja mrefu, Shanitah, binti yake Norah, aliyekuwa akiuwahi kabla ya wenzake wote na kuutupa kama anayeangua embe mtini. Wenzake nyuma yake walikuwa wamekata tamaa, wakaanza kusukumana wao kwa wao.

"Wakimbizi, kimbieni!" mmoja akapiga kelele.

"Batoto ba risasi!" wakajibiwa kutoka ukutani, na kijiwe kikamfuata mtu mguuni.

Ngoga akapuliza filimbi. Akawahutubia juu ya upendo, na maneno yake yalikuwa mazuri, ila yalikuwa mengi. Watoto waliangalia miguu yao. Alipomaliza akafungua daftari, akasoma, akaanzisha mchezo ule ule palepale ulipoishia.

Uwamahoro akamjia pembeni, akaongea chini chini wasimsikie watoto, akimwita kwa jina la mwana wao.

"Baba Musoni, benye kutoka ni bengi kupita benye kucheza. Unaona?"

"Bado kidogo, Mama Musoni. Kiisha tunabadilisha timu."

"Hautafika kule."

Hakufika. Shanitah akatupa kwa nguvu zote, na mpira ukampata Kantengwa, mtoto wa miaka minane, sikioni. Kantengwa akaketi chini. Akalishika sikio kwa mikono miwili. Kwa pembe ya jicho aliona wavulana ukutani wakisimama, mikono imejaa mawe.

Akapuliza filimbi mara moja, ndefu. "Wote, chini! Kaa fasi uko!"

Wakaketi. Uwamahoro akawa tayari amempakata Kantengwa, anamwuliza kama anasikia, anamwangalia sikio. "Ni wekundu tu," akamwambia mumewe. Kisha akalitazama daftari mkononi mwa Ngoga. "Mchezo si Torati, mume wangu. Haukuandikwa juu ya jiwe."

"Nifanye nini basi?"

"Filimbi uko nayo wewe."

Ngoga akasimama katikati ya watoto arobaini. Aliona aibu, kwa maana Norah alikuwa akimtazama. Lakini aliwatazama watoto kama alivyokuwa akilitazama kundi malishoni. Hawa hawakuwa wabaya. Nusu walikuwa wamechoka kungoja, na nusu walikuwa na mpira mgumu na adui wa kumlenga, naye ndiye aliyewapa vyote viwili.

Akalirudisha daftari mfukoni. Akavua koti lake la harusi.

"Baba Musoni!" mkewe akashtuka.

"Nipe kile kitambaa."

Akalikunja koti, akalizungushia kitambaa cha kichwani cha mkewe, akakaza fundo hadi likawa mpira mnono na laini. Ule wa ngozi akampa Norah aukalie. Watoto walianza kucheka, na kicheko hicho kilivunja kitu hewani.

"Sasa sikilizeni, ni maneno machache. Hesabuni: moja, mbili, moja, mbili." Wakahesabu. "Moja wote ndani. Mbili wote nje." Kwa hiyo wa kambini na wa Nakivale wakachanganyika kabla hawajapata nafasi ya kunung'unika. "Mpira unaviringishwa chini, unagusa mguu tu. Ukiguswa hauketi. Unatoka nje na kuviringisha pamoja nao. Hakuna mwenye kukaa."

Mawe yakadondoka kutoka mikononi kule ukutani, kimya kimya.

Akamwita Shanitah. Msichana alikuja ameinamisha kichwa, akingoja kugombezwa.

"Ulimwumiza Kantengwa. Umeona?"

"Nimeona, mwalimu. Bado kumwomba msamaha."

"Kamwombe. Kiisha rudi. Mkono wako wa kulia ni wa nguvu mno kwa huu mchezo. Wewe utatumia wa kushoto. Utaweza?"

Shanitah akautazama mkono wake wa kushoto kama kitu kipya. "Nitajaribu."

Alienda, akapiga magoti mbele ya Kantengwa kama wanavyofanya wasichana wa huko, na Kantengwa akakubali kwa sharti moja, kwamba asimame karibu naye. Mchezo ukaanza. Koti likaviringika vumbini, watoto wakaruka wakipiga mayowe, na kila aliyeguswa alikimbia nje akiwa na hamu ya kulipiza kwa wenzake wa ndani. Mkono wa kushoto wa Shanitah ulipeleka koti kila mahali isipokuwa alikokusudia, naye alicheka kuliko wote.

Baada ya raundi mbili Ngoga aliona wengine wanapiga miayo. Mpira laini ulikuwa wa polepole, na kuukwepa kulikuwa rahisi. Safari hii hakungoja. Akawasogeza wa nje hatua mbili ndani, na Uwamahoro, bila kuulizwa, akavua shali yake na kuifunga mpira wa pili. Uwanja ukawaka upya.

Katikati ya raundi iliyokuwa tamu kuliko zote, akapuliza filimbi ya kumaliza.

"Aaa! Mwalimu, bado!"

"Ndiyo maana," akasema. "Twende tukunywe chai."

Norah alikuja akijifuta machozi ya kicheko. "Banange, jamani, umejua kuwashika. Ulisoma wapi hiyo?"

Ngoga angeweza kunyamaza akasifiwa. "Nilichelewa," akasema. "Mama Musoni aliona mbele yangu. Mimi nilikuwa nasoma daftari."

Uwamahoro alifungua fundo, akalikung'uta koti lililogeuka kuwa la rangi ya udongo, bega moja limechanika, akamvalisha mumewe mbele ya watu wote na kumfungia vifungo kimoja kimoja, polepole, kama siku ya harusi alipomfungia mara ya kwanza. Huku nyuma, Kantengwa na Shanitah walikuwa wakigombania nani aketi wapi kwenye chai.