Karatasi ya Kuliko

Msimamizi hakupaza sauti. "Ukikosea tena wiki hii, dada, nakuondoa kwenye dawati la kujibu wateja."

Kosa lilikuwa lile lile. Katika Kiingereza chake cha haraka dada huyo aliandika "then" palipotakiwa "than", na kompyuta haikumkosoa kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi.

Akabandika karatasi pembeni mwa skrini: "then" kisha, "than" kuliko, "there" pale au kuna, "their" yao, "affect" kuathiri, "effect" athari. Kabla ya kutuma ujumbe aliweka Kiswahili mahali pa neno lenyewe. Kisipokaa, alifuta.

"Shoga, wateja wataota mvi wakikungoja," jirani yake wa dawati alimtania.

"Waote. Haraka ndiyo iliyonifikisha hapa."

Ijumaa msimamizi alisoma majibu yake yote sitini na mawili, asipate kosa hata moja. Akamgeukia jirani. "Wewe je? Leo umeandika 'there' mara tatu palipotakiwa 'their'."

Jirani alinyoosha mkono. "Shoga, niazime hiyo karatasi."

"Nakili. Yangu haibanduki."