Saba au Kumi na Moja

Guy alipoigeuza kompyuta ili tuone, ilikuwa saa nne tu asubuhi.

Tulikuwa watatu ofisini: Préfet Évariste, mkuu wa shule yetu hapa Likasi, Guy, kijana wa kompyuta aliyetumwa na ofisi ya shule zetu, na mimi, Laure, mwalimu wa kemia. Wanafunzi wa darasa la mwisho walikuwa wamefanya mtihani wa kemia pamoja na shule zetu za miji mingine, maswali arobaini ya kuchagua jibu. Guy alilinganisha karatasi za wanafunzi waliokaa jirani. Alihesabu maswali ambayo wawili wamekosa kwa kuchagua jibu baya lile lile, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa alama yao. Jibu sahihi halimshtaki mtu, maana kila aliyesoma anaweza kulipata. Jibu baya linalofanana ndilo linalotia shaka.

"Tunaweka mpaka kwenye saba," alisema Guy. "Nilichukua jozi elfu za batoto ba miji tofauti, bale habawezi kukopia. Jozi ine tu zilifika saba."

"Nne kwa elfu," alisema Préfet. "Ile ni kidogo sana. Na hapa kwetu?"

"Jozi tisa za bajirani. Zote ni za darasa la Madame Laure."

Préfet alinitazama juu ya miwani yake. Mtu yule ana sauti ndogo, lakini akikutazama hivyo unajiuliza kama hata ubatizo wako ulikuwa halali.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema. "Saa tisa majina yatakuwa kwenye valves."

Valves ni ubao wa matangazo pale uani. Jina likibandikwa pale kwa wizi wa mtihani, mwanafunzi hafanyi Examen d'État, mtihani wa taifa, mwaka huo, na mtaa mzima unajua kabla ya jioni. Nilisoma orodha. Mstari wa tatu: Shekina na Noëlla, nane. Mama yake Shekina, mama Germaine, huosha mawe ya shaba kwenye machimbo ya Kamatanda, na alishaniambia kanisani bila kupepesa macho: binti akianguka mwaka huu, wataosha wote wawili. Shekina ni mtoto anayeomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Yule aibe?

Niliomba karatasi zao. Nilitaka kuwatetea, basi, wala sikuwa na hila yoyote. Nilifungua ya Shekina, ya Noëlla, kisha za wengine, na nikaona wote wameanguka mahali pamoja: swali la ishirini na moja hadi la ishirini na sita. Electrolyse, yaani kuchanganua kitu kwa umeme.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Mwezi wa Novemba niliwaandikisha somo hilo. Kwetu vitabu ni vya kuhesabu kwa vidole. Mwalimu anasoma, darasa linaandika, na neno likishaingia kwenye cahier, daftari lao, linakuwa sheria. Nilikuwa na jedwali la safu mbili, na nilizisoma kinyume. Nikasema kwenye cathode, ncha hasi, shaba inapoteza elektroni, zile chembe ndogo za umeme, na kwenye anode, ncha chanya, inazipata. Katika mji huu! Mtoto wa mtaa wa Shituru anazaliwa karibu na kiwanda ambamo shaba safi hujikusanya kwenye cathode, na mimi mwenye diploma nimempindulia mambo. Nao, watoto wenye adabu, walikariri. Waliokariri vizuri zaidi ndio waliokosa sawasawa zaidi. Kosa moja langu, makosa sita ya kila mmoja wao.

Nilifunga zile karatasi. Mikataba yetu ingesainiwa upya mwezi wa Julai, na mume wangu Isidore amekaa nyumbani bila kazi tangu mwaka juzi. Nasema ukweli: nilinyamaza. Nilijiambia labda watapewa onyo tu. Nilijua si kweli.

Nilipotoka kunywa maji nikamkuta Shekina mlangoni. Habari ilikuwa imeshavuja.

"Madame, minye sikuiba," alisema. "Niliandika ile tu mulituandikisha. Niko nayo mu cahier, muangalie."

Akanipa lile daftari, ukurasa wenyewe umefunguliwa, maneno yangu kwa mwandiko wake mzuri, cathode imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikarudi ndani nalo. Mficha uchi hazai.

"Monsieur le Préfet," nilisema, "ile kosa ni ya minye. Minye njo nilibafundisha mubaya."

Niliweka daftari mezani. Guy alilisoma, kisha akajikuna kichwa.

"Basi bale ba miji ingine habakusikia kosa yako," alisema polepole. "Nililinganisha na bantu bengine kabisa. Madame, darasa lako lilikaa salle ngapi?"

"Vyumba mbili. Kumi na tano huku, kumi na tano kule."

Alianza kubonyeza. Wa chumba hiki na wa chumba kile hawawezi kunakiliana. Hizo ni jozi mia mbili ishirini na tano. Tukasubiri.

"Sabini na moja zimefika saba," alisema Guy. "Bantu habakuonana hata. Kwa saba tunashtaki karibu moja kwa kila tatu, bure. Kwa kumi na moja, inabakia jozi moja tu, karibu sawa na ile ine kwa elfu."

"Na bezi?" aliuliza Préfet. "Kwa kumi na moja, nani anabakia kwenye orodha yetu?"

"Hakuna. Élysée na Kabamba beko yulu ya bote, na tisa. Labda baliiba, labda hapana. Hata tukiondosha ile maswali sita, banabakia na tatu, na tatu kila muntu iko nayo."

Préfet alivua miwani, akanigeukia. "Kwa hiyo unaniomba nifungulie mwizi mulango."

"Ao mufungie Shekina," nilisema. "Katikati hakuna, Monsieur le Préfet."

Alitembea hadi dirishani, akarudi. Aliandika kumi na moja kwenye fomu, akaikandamiza kalamu karibu apasue karatasi. Kisha akachukua karatasi nyingine, akaandika kwa muda mrefu, wala hakunitazama tena.

Saa tisa wanafunzi walijazana mbele ya valves. Hapakuwa na orodha ya wezi. Palikuwa na tangazo moja lenye jina moja: Madame Laure, kwa kosa zito la kitaaluma, hatafundisha tena hapa kuanzia Julai. Shekina alilisoma mara mbili. Alinishika mkono, akalia, akakimbia kumwambia mama yake. Nilifurahi, Mungu anajua, japo nilikuwa sijui nitamwambia nini Isidore.

Élysée alikuja wakati uani hapakuwa tena na mtu. Msichana mrefu, mcheshi, anayependwa na wote.

"Merci, Madame," alinong'ona. "Minye nilikopia yote kwa Kabamba. Nilijua leo ninakufa."

Ningemshtaki kwa neno alilonipa kwa shukrani? Nani angemwamini mwalimu aliyefukuzwa?

"Mwaka ujao naingia shule ya infirmières, bauguzi," alisema, akicheka kwa furaha. "Nitapimia bagonjwa dawa."

Alikwenda zake akiruka-ruka. Nilibaki nimesimama chini ya jina langu, na woga niliofikiri umekwisha ukaanza upya.