Sukari Sahihi hadi Senti

Katika chama chetu cha akiba na mikopo hakuna mtu anayezijua hesabu kunishinda. Nimesema hakuna. Isipokuwa karani, meneja, na yeyote aliyevuka darasa la saba bila kunakili kwa jirani.

Lakini nilikuwa kwenye kamati ya usimamizi, na nilisaini taarifa ya fedha ya mwaka kwa mkono wangu huu. Ukurasa wa chai niliusoma mara tatu. Sukari kilo kumi na nne na nusu, bei hadi senti. Nikaridhika.

Asubuhi ya mkutano mkuu, karani wa hesabu, binti mpole asiyejua kusengenya, alinivuta kwenye chumba cha makaratasi akafunga mlango.

"Bibi, ukurasa wa kumi na moja uliusoma?"

"Niliusoma wa chai."

Hakucheka.

Akanieleza kwa sauti ya chini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikopa kwetu milioni arobaini, zaidi ya nusu ya akiba yetu sote. Tangu mwezi wa nane hajalipa hata shilingi. Mwezi wa kumi akafunga duka, akahama. Dhamana yake ni lori bovu. Na taarifa, ya hesabu zilizofungwa mwezi wa kumi na mbili, inaonyesha arobaini zote kana kwamba zinakuja, na riba ambayo hajaitoa imehesabiwa faida.

"Mimi niliandika hasara. Meneja akaifuta, akajaza kurasa tisa za chai na karatasi."

"Si za kweli?"

"Za kweli kabisa, Bibi. Lakini nani ataamua kuweka pesa au kutoa kwa sababu ya sukari? Linaloweza kumbadilisha mtu uamuzi ndilo lililofichwa."

Nikaketi juu ya boksi. Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa njiani na kiinua mgongo chake chote, miaka thelathini ya kufua mashuka ya wagonjwa. Alinipigia juzi: "Dada, wamepata faida, na wewe umesaini. Basi naweka."

Mlango ukafunguliwa. Meneja. Anatabasamu, na lile tabasamu lilinitisha kuliko matusi.

"Mama yangu, mbona umejificha? Usijisumbue na usiyoyajua. Sahihi yako ipo. Ikizama hii, tunazama wote."

Nikampita mlangoni, nikaenda ukumbini. Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, mkoba kakumbatia kama mtoto mchanga. Akanikonyeza.

Meneja akasoma. Chai, karatasi, faida. Watu wakapiga makofi. Akauliza kama kuna swali, huku akinitazama mimi tu.

Nilisimama. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Ukurasa wa kumi na moja. Mwenye duka amefunga. Milioni zile ziko wapi?"

"Mama zetu hawa!" Meneja akacheka. "Hatuwezi kuandika hasara ya kubahatisha. Hesabu ni uhakika. Nani anajua atalipa ngapi?"

Karani akainuka, karatasi mkononi. "Makadirio si kubahatisha, Meneja. Fundi wa magari amelipima lori, litarudisha robo ya deni. Tunaandika robo, tunasema wazi ni makadirio, na tunasema tumeyapataje. Huo ni ukweli hata kama kesho robo itapungua kidogo. Kuandika arobaini nzima huku tukijua hazipo, ndio uongo, hata ukijumlisha sawasawa."

"Na faida?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Ukiitoa hasara hiyo kwenye mapato, hakuna faida."

Mdogo wangu alifunga zipu ya mkoba. Nilisikia *zzzip* kutoka nilipo. Kisha akanitazama, wala hakunikonyeza tena. Macho yale sitaki kuyaona mara ya pili.

"Nilisaini bila kusoma," nikamwambia, mbele ya watu wote. "Futeni jina langu mpaka iandikwe upya."

Meneja akainua mikono yote miwili, uso wa huzuni kama mfiwa. "Ndugu wanachama, nami nimeshtuka kama ninyi. Wallahi, kwamba duka lile limefungwa, ndiyo kwanza nasikia leo!"

Seremala, mzee wa watu asiye na makuu, akakuna kichwa. "Lakini Meneja, zile rafu za kijani nilizokufungia jikoni mwezi wa kumi na moja, si ulinambia umezipata kwa bei ya kutupa jamaa yule alipofunga duka?"

"Rafu zipi?"

"Zile ambazo moja imepinda. Shemeji huyu hapa, muulizeni."

Tukageuka wote. Mke wa Meneja alikuwa ameinama, anavikagua viatu vyake.