Salamu za Idi Kutoka Duka la Magodoro

Mjomba wangu hajui kusalimia bila kuuza. Ukimwambia "habari za asubuhi" atakujibu nzuri, kisha atakuuliza mgongo wako ukoje na unalalia godoro la unene gani. Ndivyo alivyoumbwa, na kwa biashara ya magodoro nadhani ni kipaji. Tabu ilianza alipojifunza kutuma ujumbe kwa simu za wateja wote kwa mpigo.

Ijumaa Kuu alituma: "Ijumaa Kuu yenye shangwe! Mito bei poa." Mama Kwaya, keshia wetu, akaja kazini amenuna.

"Bosi, leo tunaomboleza. Shangwe ni Jumapili. Wewe kwenye msiba wa watu unaingia na vigelegele?"

"Lakini si tunasali kanisa moja?" Mjomba akasema.

"Ndiyo maana naona aibu zaidi."

Ikafika siku ya taifa ya kuwakumbuka mashujaa. Mjomba akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mashujaa walilala ardhini ili wewe ulale kwenye godoro." Mzee mmoja aliyepoteza mwanawe jeshini alikuja dukani, akasimama mbele ya meza, akamtazama Mjomba, akaondoka. Siku hiyo hata Mjomba hakula. Jioni akanisukumia ile simu ya duka. "Salamu za sikukuu zote ni zako sasa. Mimi nimeshindwa."

Nilifurahi, sitaficha. Nikaweka masharti yangu. Siku ya furaha tunaitakia heri, siku ya majonzi tunaitakia utulivu. Bei haitajwi, wala punguzo, wala godoro. Na salamu inakwenda kwa wateja wote, hatuchambui majina kubahatisha nani anasali wapi. Mama Kwaya mwenyewe ana jina la bibi mzaa baba, ukilisikia utamtafuta msikitini. Kwa hiyo tunawataja wenye sikukuu kwa heshima, na wasio nayo tunawatakia mapumziko mema. Maneno machache, basi. Watu wakaanza kujibu "ahsanteni, nanyi pia," jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu duka lifunguliwe.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Mjomba hakuwa akimsalimia sikukuu yoyote, naye ni mama yangu, mdogo wake wa tumbo moja. Mama alisilimu alipoolewa na marehemu baba. Mjomba alisusa harusi, akisema hakushirikishwa. Mama akasema mlango wake uko wazi, anayetaka atapita. Mimi nimekua na kufunga Ramadhani na kuajiriwa na Mjomba huku wale wawili kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze. Mjomba huniuliza "mama yako hajambo?" huku anaangalia pembeni. Mama huniuliza "yule mjomba wako bado anakula chumvi nyingi?" Mapenzi yapo, ila kiburi kimekaa mlangoni. Nilikuwa nimechoka kuwa daraja lao. Nilitaka wasemezane kabla mmoja hajamzika mwenzake.

Sasa, Ramadhani hii, funga ikafika siku ya ishirini na tisa. Nikaandaa salamu: "Idi njema kwa ndugu zetu Waislamu na familia zao. Kwa wote, tunawatakia mapumziko mema. Kutoka kwetu sote dukani." Nikaiacha bila kuituma.

"Tuma," Mjomba akasema. "Yule jirani muuza masofa atatuwahi."

"Mwezi haujaandama, Mjomba. Usipoonekana leo, kesho tunafunga ya thelathini. Tunasubiri watangaze."

"Sawa, sawa," akasema, kwa ile sauti yake ya kukubali asichokubali. Nikaiacha simu ya duka mezani, nikawahi nyumbani kufuturu.

Tulikuwa ndio kwanza tumetia tende mdomoni simu ya Mama ikalia. Na yangu. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Idi njema kwa ndugu zetu Waislamu na familia zao. Punguzo la Idi laanza leo! Wahi godoro lako." Miaka kadhaa nyuma alinunua godoro kupitia kwangu, namba yake ikaingia dukani pamoja na za wengine. Hata mimi nilikuwa nimesahau.

Akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Salamu ya kwanza ya Idi kutoka kwa kaka yangu tangu niolewe," akasema. "Nayo ina bei."

Nilijaribu kufanya mzaha, haukuchekesha. Muda si mrefu ikatangazwa kwamba mwezi haujaonekana, kesho ni kufunga. Simu ya duka, nilikuja kuona asubuhi, ikawaka moto. "Nyie mmeuona mwezi kwenye godoro gani?" mteja mmoja aliandika. Mwingine: "Mnatufungulisha kwa lazima?"

Asubuhi niliingia dukani nikiwa nimefura. Mjomba alikuwa ameinama juu ya simu, anaandika.

"Usinipigie kelele," akasema. "Naomba radhi hapa. Sikiliza: 'Samahani kwa usumbufu. Kufidia, kila godoro na mto wa bure.'"

"Mjomba! Unauza hadi samahani?"

Mama Kwaya akajifanya anapanga noti ambazo zilishapangwa.

"Mto wa bure si kuuza," akajitetea.

"Mama naye aliipata."

Akanyanyua kichwa. "Mama yako yumo humo?"

"Yumo. Alisema ni salamu yako ya kwanza, na ina bei."

Mjomba alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilimwonea huruma na hasira yangu bado iko pale pale, vyote kwa pamoja.

"Niandikeje?" akauliza mwishowe, taratibu.

Nikamwambia, akaandika neno kwa neno: "Jana tulituma salamu za Idi kabla mwezi haujatangazwa, tena tukachanganya na biashara. Tumekosea. Tunawaomba radhi. Saumu njema kwa wote wanaofunga leo." Kidole chake kikasita. "Na mto?"

"Hakuna mto."

Akatuma. Yule mteja wa mwezi kwenye godoro akajibu: "Yameisha. Idi kesho bila shaka." Kweli, baada ya thelathini hakuna tena cha kusubiri.

"Ya kesho nitaituma mwenyewe," Mjomba akasema. Nilitaka kumpokonya simu, lakini nikamwachia.

Asubuhi ya Idi, tumetoka kuswali, simu yangu ikalia. Salamu yangu kama ilivyokuwa, haikuongezwa hata nukta. Nikashusha pumzi. Nikamwangalia Mama. Simu yake iko kimya. Akaichukua, akaitazama, akairudisha. Baadaye akaichukua tena.

"Labda mtandao," nikasema.

"Labda," akasema, akaenda jikoni kugongana na masufuria.

Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Watu wote mjini wamesalimiwa, hata jirani wa masofa, isipokuwa yeye! Nilishashika simu kumpigia Mjomba nimwage yote, adabu nitaitafuta baadaye, nikasikia hodi.

Mama ndiye aliyefungua, mimi nikajibanza ubavuni pake mlangoni. Mjomba alikuwa amesimama nje, shati limenyooshwa, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hana cha kuuza. Mama akaushikilia mlango.

"Mimi sikupata ujumbe," Mama akasema.

"Nimeitoa namba yako," Mjomba akajibu. "Ile orodha ni ya wateja. Wewe ni mdogo wangu. Idi njema, mdogo wangu."

Mama akanigeukia mimi, macho yamejaa machozi.

"Umesimama nini hapo? Mpishe mjomba wako apite."